Kikao Kimerekodiwa, Sasa Msimamizi Alisema Nini Hasa?

Siku hizi mwanafunzi wa umahiri au uzamivu huingia ofisini kwa msimamizi, akaomba ruhusa, akaweka simu mezani na kuanza kurekodi. Kikao kikiisha anabaki na faili la sauti la karibu saa nzima, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanalisikiliza mara moja ndani ya daladala, wanaridhika kwamba Dokta hakukasirika, kisha wanarekebisha kile wanachokikumbuka. Mwezi mmoja baadaye rasimu inarudi na maoni yale yale, safari hii kwa wino mwekundu.

Kurekodi peke yake hakutoshi, kwa sababu msimamizi akizungumza hatoi maagizo kwa mpangilio. Anafikiri kwa sauti. Anaanza na ukurasa wa 41, anarudi wa 6, anauliza jambo, kisha anabadili mawazo. Kazi ya mwanafunzi ni kupembua ndani ya mazungumzo hayo lipi ni agizo, lipi ni ushauri na lipi lilipita tu.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa shahada ya umahiri katika elimu. Tasnifu yake inahusu mchango wa maktaba za shule katika ufaulu wa Kiswahili kidato cha pili, katika shule za sekondari za kata kwenye halmashauri moja. Data ameshakusanya kwa hojaji za wanafunzi 120 na usaili wa walimu. Kikao kimefanyika tarehe 6 Agosti, na chuo kinapokea tasnifu hadi 30 Septemba.

Asikilize siku hiyo hiyo au kesho yake, huku rasimu ikiwa wazi mbele yake. Hana haja ya kuandika kila neno, maana kunakili kwa mkono saa moja ya mazungumzo kunaweza kula saa nne au zaidi. Anaandika dakika, sentensi ya msimamizi kama alivyoitamka, na ukurasa uliokuwa ukizungumziwa. Hilo la ukurasa ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa kwenye sauti msimamizi husema "hapa" na "hii aya", na baada ya wiki mbili hakuna atakayejua hapa ni wapi. Mwanafunzi makini hulitatua mapema: kikao kikiendelea, anataja mwenyewe, "Ukurasa wa 41, aya ya pili, Dokta?"

Kinachofuata ndicho kigumu. Wasimamizi wetu wengi hawasemi "badilisha". Adabu ya mazungumzo huwafanya waulize. Dakika ya 9 Dokta anasema, "Hawa 120 uliwapataje?" Mwanafunzi anajibu pale pale kwamba aliwachagua kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha za madarasa, Dokta anaitikia "sawa", na wanaendelea. Kwenye simu inasikika kana kwamba hoja imekwisha. Haijaisha. Jibu limetolewa kwa mdomo, lakini sura ya tatu bado haina maelezo hayo, na mtahini hatakuwapo ofisini kuyasikia. Kwa hiyo swali hilo linaandikwa kama marekebisho ya lazima: kuongeza aya inayoeleza jumla ya wanafunzi waliokuwapo, idadi kutoka kila shule, na namna majina yalivyochaguliwa. Kila swali la msimamizi ambalo jibu lake halimo kwenye rasimu lichukuliwe hivyo.

Dakika ya 27 anasema, "Ingependeza ukalinganisha na shule binafsi." Mwanafunzi mwenye hofu atakesha akiwaza namna ya kwenda huko. Lakini mada, malengo na kibali chake cha kukusanya data vyote vinahusu shule za kata. Wazo hilo ni utafiti mwingine, na mahali pake ni sura ya tano, kwenye mapendekezo ya tafiti zijazo. Aliandike hivyo, aeleze sababu, na amwachie msimamizi nafasi ya kukataa.

Halafu kuna mahali ambapo msimamizi anajipinga. Dakika ya 14 Dokta amesema, "Lengo la nne hili linaning'inia, mimi ningeliondoa." Lengo lenyewe linahusu namna halmashauri inavyogharimia vitabu vya maktaba, na kweli sura ya nne haina data yake. Ila dakika ya 43, wakiwa karibu kuagana, anasema, "Ukipata maofisa wawili watatu pale halmashauri wakakueleza, lengo la nne litasimama." Je, liondoke au libaki? Wengi hushika kauli ya mwisho, wengine iliyo rahisi. Zote mbili ni kubahatisha. Hapa anayeamua ni msimamizi, na mwanafunzi anapaswa kumpelekea gharama ya kila njia.

Kuliondoa si kufuta mstari mmoja. Linatoka kwenye ikisiri, kwenye malengo na maswali ya utafiti katika sura ya kwanza, kwenye sehemu ya mapitio ya kazi tangulizi iliyoandikwa kwa ajili yake, na kwenye mapendekezo ya sura ya tano. Kulibakiza kunadai mwongozo wa usaili, miadi na maofisa, na kibali ambacho muda wake haujaisha. Kwa hiyo ndani ya siku mbili anaandika ujumbe mfupi:

"Shikamoo Dokta. Nimeambatisha muhtasari wa kikao chetu cha tarehe 6. Naomba mwongozo kwenye jambo moja, lengo la nne. Kibali changu kinaisha tarehe 20 Agosti, na kupata miadi halmashauri huchukua kama wiki mbili. Ninapendekeza tuliondoe. Nisipokuelewa sawasawa kwenye hoja nyingine yoyote, naomba unisahihishe."

Ujumbe huo unamtaka Dokta dakika chache tu, naye akijibu "Liondoe", uamuzi umeshaandikwa. Faili la sauti haliwezi kufanya kazi hiyo, kwa kuwa hakuna msimamizi atakayekaa kulisikiliza upya.

Sasa ratiba. Kati ya 6 Agosti na 30 Septemba kuna siku 55, na ni rahisi kujidanganya kwamba zote ni za kuandika. Ahesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Saini na fomu ziwe tayari 25 Septemba. Ukaguzi wa ulinganifu wa maandishi ufanyike 21 Septemba, ili pabaki siku za kurekebisha aya zitakazoonekana zimenakiliwa. Msimamizi apewe wiki mbili za kusoma tasnifu nzima, kuanzia tarehe 5 hadi 19. Ina maana rasimu kamili itoke mikononi mwake 4 Septemba. Zilizobaki kwa marekebisho ni siku 29.

Ndani ya siku hizo mpangilio haufuati namba za sura. Lengo la nne linatangulia kwa sababu linagusa karibu kila sura. Aya ya sampuli inafuata, na inaweza kumalizika kwa siku mbili kama orodha za madarasa zipo. Ikisiri inaandikwa mwisho kabisa. Makosa ya tahajia na marejeleo, ambayo wanafunzi hupenda kuanza nayo kwa kuwa hayaumizi kichwa, yasubiri, maana nusu ya aya hizo huenda zikafutwa.

Muhtasari ule ule unaongezewa safu moja: marekebisho yamefanyika ukurasa upi wa rasimu mpya. Rasimu inapokwenda kwa Dokta, jedwali linakwenda nayo, naye anasoma akijua pa kutazama. Watahini wakisharudisha maoni yao, vyuo vingi hudai ripoti ya masahihisho ya namna hiyo hiyo, kwa hiyo mwanafunzi atakuwa ameshaizoea.

Faili la sauti nalo lisisambazwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Mara nyingi ndani yake yametajwa majina ya walimu na shule ambazo tasnifu yenyewe imeyaficha kwa makusudi, na waliosailiwa waliahidiwa siri. Msimamizi akishauthibitisha muhtasari na hakuna hoja inayobishaniwa, lifutwe.