Mtoto anapozaliwa amefariki: Anayopaswa kuelezwa mzazi kabla ya kutoka hospitalini

MAMA anayejifungua mtoto aliyekwisha kufariki huondoka hospitalini mikono mitupu, lakini mwili wake haujui kwamba hakuna mtoto. Siku ya tatu maziwa hujaa, damu huendelea kutoka, na maswali ambayo hakuyauliza wodini humfuata hadi nyumbani.

Ndiyo maana hospitali katika nchi nyingi huwapa wazazi waliofiwa kwa njia hii kijikaratasi cha maelezo. Kwa kawaida huwa na sehemu nne: jinsi mwili unavyopona, namna ya kumkumbuka mtoto, hisia za wazazi, na mimba ijayo.

Katika takwimu za kimataifa, anayehesabiwa ni mtoto aliyezaliwa bila dalili ya uhai baada ya mimba kutimiza wiki 28. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, watoto wapatao milioni 1.9 walizaliwa hivyo duniani mwaka wa 2021.

Ufafanuzi huu unazipitia sehemu hizo nne kwa mzazi wa Migori au Homa Bay, ambako nyumbani huenda kukawa mbali na hospitali, na maziko huamuliwa na ukoo mzima. Tuchukue mfano wa mama wa Ndhiwa ambaye mimba yake ilikuwa ya wiki 34, akajifungua kwa njia ya kawaida siku ya Jumatatu.

Mwili unavyopona

Jumatano au Alhamisi, mama huyo atahisi matiti yamekuwa mazito, ya moto na yenye maumivu. Hilo si ugonjwa. Kondo la nyuma likishatoka, mwili hupata ishara ya kuanza kutengeneza maziwa, na ishara hiyo haitegemei kama mtoto yu hai.

Njia rahisi ya kuyapunguza ni kuvaa sidiria inayobana kiasi mchana na usiku, kuweka kitambaa kilichochovywa katika maji baridi, na kumeza parasetamoli. Maumivu yakizidi, anaweza kukamua kidogo tu, kiasi cha kupata nafuu. Akikamua hadi titi liwe tupu, mwili hudhani kuna mtoto anayenyonya, nao huongeza maziwa.

Ipo pia dawa ya kuyazuia, kabagolini, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa mara moja katika siku ya kwanza baada ya kujifungua. Mama aliyekuwa na shinikizo la damu wakati wa ujauzito hapaswi kupewa, hivyo ni lazima daktari aamue. Bila dawa, uzito wa matiti kwa kawaida hupungua katika wiki moja au mbili. Sehemu ya titi ikiwa nyekundu na ngumu, na homa ikaja, huenda ni maambukizi na yanahitaji tiba.

Damu hutoka kama kwa mama mwingine yeyote: nyingi siku za kwanza, kisha hupungua na kubadilika rangi kwa muda wa wiki nne hadi sita. Hatari ni damu inayolowesha sodo nzima kwa saa moja, mabonge makubwa, uchafu unaonuka, au homa yenye maumivu ya tumbo. Kuumwa sana na kichwa, macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kupumua kwa shida ni dalili za kurudi hospitalini siku hiyo hiyo.

Mama ambaye kundi lake la damu ni negativu anapaswa kuuliza kuhusu sindano ya Anti-D kabla ya kutoka wodini. Hutolewa ndani ya saa 72, yaani kwa mama wetu wa Ndhiwa ni kabla ya saa aliyojifungua kufika siku ya Alhamisi, ili kumlinda mtoto wa mimba ijayo.

Jambo ambalo akina mama wengi huliacha ni kliniki baada ya kujifungua. Wengine huona haya kuketi kwenye benchi moja na wenye watoto, na jamaa huona safari hiyo haina maana kwa kuwa hakuna mtoto wa kuchanjwa. Lakini kliniki hiyo ni ya mama pia. Shinikizo la damu, upungufu wa damu na maambukizi havimwachi kwa sababu amefiwa. Anaweza kumwomba mkunga ampangie saa ambayo kliniki haina watu wengi, au chumba kingine.

Kumkumbuka mtoto

Uamuzi wa kwanza huja mapema kuliko wazazi wanavyotarajia: je, wamtazame mtoto? Wapo wanaotaka kumpakata, na wapo wasiotaka. Wote wako sawa, na asilazimishwe mtu. Kinachohitajika ni mkunga kueleza mapema atakavyoonekana.

Ikiwa mtoto alifariki siku kadhaa kabla ya uchungu, ngozi yake huwa imechubuka na kubambuka, na midomo huwa na rangi nzito. Wazazi wasipoelezwa, huenda wakadhani mtoto aliunguzwa na dawa, alirogwa, au aliumizwa na wakunga. Ukweli ni kwamba ngozi changa iliyokaa katika maji ya uzazi baada ya uhai kutoka hulegea yenyewe. Mtoto aliyefariki wakati wa uchungu huwa na ngozi nzima. Tofauti hiyo humsaidia mhudumu kukadiria wakati wa kifo, ingawa peke yake haitaji kilichokisababisha.

Kumbukumbu hazihitaji vifaa vya gharama. Wino wa muhuri na karatasi safi hutosha kupata alama ya unyayo na kiganja. Kishungi cha nywele, kitambulisho cha mkononi na kipande cha shuka alilofungiwa huweza kutiwa katika bahasha. Simu ya jamaa hupiga picha, lakini picha hiyo ihifadhiwe mahali pa pili kwa kuwa simu hupotea, na isisambazwe katika makundi ya WhatsApp bila idhini ya wazazi. Mzazi asiyetaka kuitazama leo anaweza kumwachia mtu amhifadhie bahasha ikiwa imefungwa. Baadhi yao huiomba baada ya miezi.

Kikwazo kikubwa huwa ni haraka. Katika familia nyingi, mwili huchukuliwa na wazee au wanawake wakongwe na kuzikwa kimyakimya, mama akiwa bado kitandani na baba akiwa anashughulikia malipo. Utafiti kuhusu wazazi wa Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka wa 2021, ulionyesha jinsi mila zinavyoathiri maziko na maombolezo ya mtoto wa aina hii.

Kijikaratasi hakiji kugombana na ukoo. Kinampa baba maneno ya kusema: "Wazee wangu, naomba mama yake aamke kwanza amwone, kisha tutaondoka pamoja." Kusubiri kwa saa chache hakumdhuru mtu, mradi mwili umewekwa mahali penye ubaridi. Ikiwa maziko yamekwisha kufanyika, mtu aliyekuwapo amwonyeshe mama mahali penyewe, na pawekwe alama. Karatasi za hospitali za kuruhusu mazishi ziulizwe kabla ya kuondoka.

Kuhusu jina, familia hutofautiana. Hata hivyo, Waluo wenyewe wana majina kama Owiti na Awiti, ambayo kwa desturi hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufariki. Majina hayo ni ushahidi kwamba waliotangulia hawakusahauliwa, hata pale ambapo hawakuzungumziwa.

Hisia za mama na baba

Huzuni hii haina mpangilio. Mama anaweza kuhisi mtoto akicheza tumboni wakati hayupo, au kusikia kilio usiku. Hayo peke yake si wazimu. Hasira, wivu kwa jirani mwenye mtoto mchanga, na ganzi ya kutohisi chochote hutokea pia.

Kinachouma zaidi mara nyingi ni kujilaumu: alibeba mtungi mzito, aligombana na mama mkwe, alikula kitu fulani. Mambo hayo matatu kwa kawaida hayaui mtoto tumboni. Visababishi vinavyojulikana ni kama shinikizo la damu, malaria, kaswende, kondo kubanduka mapema, mtoto kutokua vizuri na uchungu uliokawia. Mara nyingine kisababishi hakipatikani.

Baba naye amefiwa. Huambiwa ajikaze, akakimbilia kazini au baharini ziwani kuvua, na mkewe akadhani hajali. Kijikaratasi huwaeleza wote wawili kwamba mmoja kulia na mwingine kunyamaza si kipimo cha mapenzi. Jamaa nao waache kusema "utapata mwingine." Ni afadhali kusema "pole," kuchota maji na kupika.

Siku nzito hurudi, hasa tarehe ambayo mtoto alitarajiwa kuzaliwa. Lakini ikiwa kwa zaidi ya wiki mbili mzazi halali, hali, hawezi kuamka kufanya lolote, aonwe na mhudumu wa afya. Akizungumza kuhusu kujiua, asiachwe peke yake na apelekwe hospitalini mara moja. Nchini Kenya, shirika la Still A Mum, lililoanzishwa na Wanjiru Kihusa baada ya kupoteza mimba zake, limekuwa likiwaunganisha wazazi waliopitia msiba huu.

Mimba ijayo

Mama asiyenyonyesha anaweza kushika mimba tena mapema, hata kabla ya kuona hedhi, kwa kuwa yai huweza kutoka katika wiki ya nne. Asiyetaka mimba upesi achague njia ya uzazi wa mpango kabla ya kutoka wodini au katika kliniki ya kwanza.

Je, asubiri muda gani? Utafiti wa Australia, Finland na Norway uliochapishwa mwaka wa 2019 haukuona kwamba kushika mimba ndani ya mwaka mmoja baada ya msiba huu kuliongeza hatari kwa mtoto aliyefuata. Nchi hizo ni tajiri, hivyo matokeo yake hayajibu kila swali la mama mwenye upungufu wa damu huku Nyanza. Aliyefanyiwa upasuaji anahitaji muda mrefu zaidi ili kovu lipone. Ashauriane na daktari.

Akishika mimba, aende kliniki kabla ya wiki 12 na aseme wazi kilichotokea awali. Katika eneo la ziwa, lenye malaria mwaka mzima, neti iliyotiwa dawa na vidonge vya SP kuanzia wiki ya 13 ni kinga ya lazima. Mama anayemeza Septrini kila siku kwa sababu ya virusi vya Ukimwi hapewi SP. Kaswende hupimwa katika ziara ya kwanza na hutibiwa kwa penisilini. Aliyekuwa na shinikizo la damu aulize kuhusu aspirini ya kipimo kidogo, ambayo hufaa ikianzwa mapema.

Mahali pa kujifungulia nako kupangwe, kwa kuwa duniani zaidi ya asilimia 40 ya vifo hivi hutokea wakati wa uchungu. Katika utafiti uliofanywa Migori na eneo la Busoga, Uganda, kati ya 2016 na 2018, vituo vilivyoongezewa mafunzo ya wahudumu vilipoteza watoto 15 kwa kila 100 waliozaliwa kabla ya wakati au wakiwa na uzito mdogo, ikilinganishwa na 23 katika vituo vingine.

Wanawake wengi waliopata msiba huu hujifungua salama baadaye. Kuanzia wiki ya 28, mama alale kwa ubavu na kuujua mchezo wa mtoto wake. Mtoto akipunguza kucheza, asingoje kesho wala siku ya kliniki: aende hospitalini siku hiyo, hata kama ni usiku.