Unabonga, Unauliza Ama Unakwaruza?

Msee akiishiwa na pumzi mwisho wa sentensi, sauti hushuka mpaka chini kabisa halafu inaanza kukwaruza: krrr. Nyuzi za sauti kwa koo zimelegea na hewa imebaki kidogo, so zinagongana polepole hadi unaskia kila pigo. Kila mtu hufanya hivo. Noma ni venye watu hujaji.

Marekani wamepigia hii story kelele, na sanasana ni madem wanachomewa. 2014 jarida la PLOS ONE lilitoa utafiti: madem saba na wasee saba walirekodi sentensi ileile ya kushukuru kwa kufikiriwa wera, kwanza kawaida, halafu wakikwaruza. Watu 800 wakaulizwa wangeandika nani. Kukwaruza kulichapa wote, but madem waliumia zaidi. Ni vile walikuwa wanaigiza, na kuigiza si sauti ya mtu ya kila siku. Cheki pia Ira Glass wa redio, ile shoo ya This American Life. 2015 alisema wasikilizaji hulalamikia sauti za mamanzi wa shoo yake, na yeye mwenyewe hukwaruza na hakuna mtu humsumbua. So shida ingine iko kwa maskio, si kwa koo.

Huku Nai tunakujaji na kushrabu ama kutweng. Lakini kuna tabia moja imeingia na inabamba vibaya kwa Kiswahili: kupandisha sauti mwisho. Kwa swali la ndio ama la, Kiswahili hakihitaji neno la kuuliza. Sauti ikipanda tu, imekuwa swali. Dem anapigiwa simu ya intavyu, anaulizwa amefanya nini. Anajibu, "Nilikuwa kwa kaunta miaka miwili?" Bosi ananyamaza, juu hajui kama ameambiwa ama ameulizwa. Akija kwa doh anasema, "Nataka elfu thelathini?" Hapo amejipunguzia mwenyewe, bosi hata hajaanza kubageni.

Dawa si kujifanya una sauti ya mubaba. Jirekodi kwa simu ukijibu swali moja, halafu skiza maneno mawili ya mwisho pekee. Zikiwa zinakwaruza, sentensi ni ndefu kushinda pumzi: ikate mbili, vuta hewa katikati, na usishushe sauti sana. Zikipanda, rudia hiyo namba ama jina ukishuka. Ukishazoea hizo sentensi kama tano za intavyu, umemaliza, usiguse zingine.

Na ukiwa na mbogi kwa base? Wachana na hiyo dawa. Wanakujua, na ukianza kubonga kama mtangazaji wa habari watakucheka mpaka Jumapili. Kitu moja tu: ukikuwa na mkwaruzo hauishi kutwa nzima, hata ukivuta pumzi poa, na imepita wiki tatu, hiyo si stailo. Enda daktari aangalie koo.