Je, Wajua? Faili la Majibu Huja Kesho Yake

Wiki mbili kabla ya mtihani, simu za darasa zima hulia kwa pamoja. Mwakilishi wa darasa ametuma kifurushi cha marudio: muhtasari wa mihadhara, maswali ya miaka iliyopita na faili la majibu. Kila mtu hukipakua, na wengine usiku huo hulala usingizi mnono kana kwamba kupakua ndiko kusoma.

Mwakilishi mjuzi hulizuia faili la majibu kwanza. Ujumbe wake huwa kama huu:

"Wakuu, salama? Maswali haya hapa. Majibu natuma kesho jioni, msinitukane. Leo anzeni na swali la figo. Funga daftari, andika unachokumbuka, hata kama ni mistari mitatu."

Ana sababu. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi makala fupi. Kundi moja liliisoma kwa vipindi 4. Jingine liliisoma kwa kipindi 1, kisha likaandika mara 3 lilichokumbuka bila kuitazama tena. Baada ya dakika 5, waliosoma vipindi 4 waliongoza: asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki, mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 40, wenzao 61.

Dakika zile 5 ndizo zinazotudanganya. Ukisoma jibu mara ya nne, macho yanalitambua na moyo unasema "hii naijua." Lakini chumba cha mtihani hakikuulizi kama unalitambua, kinakutaka ulitoe kichwani, na hilo hukulifanyia mazoezi.

Turudi kwenye figo. Mwanafunzi anaandika: damu huchujwa kwa shinikizo, chembe na protini kubwa hubaki, maji na taka hutoka kama mkojo. Inasomeka vizuri. Jibu likifika kesho yake, anaona figo za mtu mzima huchuja takribani lita 180 kwa siku. Mkojo wa siku nzima ni kama lita moja na nusu tu. Zilizobaki zimekwenda wapi? Amesahau kwamba mirija ya figo hurudisha karibu maji yote kwenye damu, pamoja na glukosi. Pengo hilo analiandika kwa kalamu nyekundu, na siku tatu baadaye anajibu swali lilelile upya kwenye karatasi tupu. Akilikosa tena, analirudia kesho. Akilipata, analiacha hadi wiki ijayo.

Kusahihisha hakuachwi, maana kosa lisilosahihishwa nalo huzoeleka. Ndiyo maana ujumbe wa pili, wa jioni, huja na onyo: "Majibu haya tumeyaandika wenyewe. La swali la 5 bado tunabishana, ulizeni mwalimu kabla ya kulikariri."