Foleni ya Chakula Ndiyo Inayoua Ratiba ya Harusi

Wafanyabiashara wenzangu, nauza huduma ya ushereheshaji mtandaoni. Mteja akiuliza bei, namtumia na mfano wa ratiba. Leo nawaonyesha ninavyoipanga.

Mwanzoni nilipanga mambo yote isipokuwa foleni ya chakula. Harusi moja ilikuwa na wageni 240 na foleni mbili tu. Mtu mmoja akichukua nusu dakika kupakua, watu 120 kwa kila foleni ni saa nzima. Zawadi zikachelewa, ukumbi ukazima muziki saa 6 usiku, na baba wa bibi harusi hakusema neno lake la shukrani. Nilikosa cha kumwambia mzee wa watu.

Sasa naanza kupanga kutoka mwisho. Kama ukumbi unafungwa saa 6:00, muziki wa kucheza uanze 5:30 na shukrani 5:15. Zawadi 4:30, kabla yake mchezo 4:15. Chakula kinaanza 3:15, shampeni 3:00, keki 2:45, utambulisho 2:20, na maharusi wanaingia saa 2:00. Halafu namuuliza mpishi: foleni ngapi? Kwa wageni 240 naomba nne. Hapo wote wanapakua kwa nusu saa, na inabaki nusu saa ya kula.

Naita meza kwa namba, nne nne, meza moja kwa kila foleni: "Meza ya 1 hadi ya 4, karibuni. Meza ya 5 hadi ya 8, jiandaeni, bado msisimame." Hayo maneno ya mwisho msiyaache, la sivyo ukumbi mzima utasimama.

Kwenye kugonga glasi, kosa ni kuanza kuongea wakati wahudumu bado wanafungua chupa. Namsubiri mkuu wa wahudumu anipungie mkono, ndipo naseme: "Asiye na kinywaji anyooshe mkono." Mikono ikiisha, namkaribisha msemaji mmoja, dakika mbili. Dijei anajua kupandisha muziki taratibu zikiisha.

Mchezo nauweka baada ya chakula kwa sababu ndio unaopunguzika. Maharusi wanakaa wamepeana migongo, kila mmoja ameshika kiatu chake na cha mwenzake. Nauliza, "Nani huanza kununa?" wanainua kiatu cha mhusika. Naandaa maswali kumi. Tukichelewa, nauliza manne na hakuna atakayegundua. Zawadi huwezi kuzikata hivyo, maana kila ukoo umejipanga kucheza hadi mbele.

Mkiandika ratiba ya kumtumia mteja, wekeni swali la foleni juu kabisa. Akijibu "mbili" na wageni ni wengi, mwambieni aongee na mpishi kabla hajalipa chochote. Siku yenyewe mtakuwa mmechelewa.