Kabla ya Kuomba Punguzo, Jua Fedha Yako Inakugharimu Nini

Tuchukue mwoka mikate anayenunua mifuko 40 ya unga wa ngano kila mwezi. Kila mfuko wa kilo 25 anauziwa shilingi 40,000, naye analipa baada ya siku 30. Deni lake kwa mwezi ni shilingi 1,600,000.

Muuzaji wa jumla hamsubiri bure. Mtaji wake umelala kwa mwezi mzima, na kila mara ana hofu ya kutolipwa. Gharama hiyo ameshaiweka ndani ya bei. Ndiyo maana mwoka mikate ana kitu cha kumpa: “Bosi, nikikulipa leo mzigo unaposhuka, mfuko utaniuzia kwa ngapi?” Aulize hivyo, kisha anyamaze. Anayetaja bei kwanza huenda akaomba kidogo kuliko alichokuwa tayari kupewa.

Tuseme amepunguziwa asilimia 2. Mfuko sasa ni shilingi 39,200, naye anaokoa 32,000 kwa mwezi. Kama fedha hiyo ilikuwa imekaa tu, amefaidi. Lakini kama itabidi akope 1,568,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, atalipa riba ya shilingi 47,040. Punguzo limemtia hasara ya zaidi ya 15,000. Kwa mkopo huo, punguzo lililo chini ya takriban asilimia 2.9 halimfai.

Njia ya pili ni kuagiza mzigo mkubwa. Muuzaji akipeleka mifuko 120 kwa safari moja badala ya tatu, anaokoa mafuta ya gari na ujira wa wapakuzi, kwa hiyo anaweza kushuka zaidi. Lakini mifuko 40 ya mwisho itakaa stoo zaidi ya miezi miwili. Unga huvuta unyevu, huingiwa na wadudu, na fedha iliyomo haiwezi kununua hamira wala sukari.

Yapo makubaliano ya katikati: aahidi kwa maandishi mifuko 120 ndani ya miezi mitatu, iletwe 40 kila mwezi, kila awamu ilipwe inapofika. Muuzaji hapunguziwi safari, kwa hiyo punguzo litakuwa dogo kidogo, lakini anapata mteja wa uhakika. Yaandikwe pia kwamba bei ya sokoni ikishuka, watazungumza upya. Bila sharti hilo, mwoka mikate anaweza kujikuta analipa zaidi ya jirani yake.

Ahadi ya kununua zaidi na ahadi ya kulipa haraka zisitolewe kwa pamoja. Kila moja iombewe punguzo lake.

Wapo wauzaji wanaopandisha bei kwanza ndipo wapunguze. Kwa hiyo aulize bei kwa wauzaji wengine wawili kabla ya kikao, na alinganishe shilingi kwa mfuko, si asilimia. Mzigo wa kwanza ukifika, apime mifuko michache kwenye mizani na aangalie kama risiti inaonyesha bei mpya, kisha ndipo atoe fedha.