Kurasa Tisa za Kikao, Nusu Ukurasa wa Taarifa

Katibu wa kamati ya kijiji huandika karibu kila kinachosemwa, maana hajui kipi kitaulizwa baadaye. Lakini wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji wanaopokea taarifa wanataka kujua mambo matatu: nini kimeamuliwa, nani atatekeleza na lini.

Tuchukue mfano wa kamati ya huduma za jamii iliyokaa kujadili pampu ya kisima iliyoharibika. Daftari lina kurasa tisa. Ukurasa wa pili unasema: "Ilikubalika kila kaya ichange shilingi 5,000." Mwenye haraka atainakili hapo hapo. Kumbe kwenye ukurasa wa saba mjumbe mmoja alikumbusha kwamba mavuno bado, mjadala ukarudi nyuma, na mchango ukashushwa hadi 3,000. Ndiyo maana daftari husomwa lote kwanza. Pigia mstari kila penye "kikao kiliazimia", "ilikubalika" au "iliagizwa", kisha hakikisha hakuna ukurasa wa mbele uliotengua azimio hilo.

Hata hiyo 3,000 bado si neno la mwisho. Nchini Tanzania kamati hizi hufanya kazi chini ya Halmashauri ya Kijiji, na suala la mchango hupelekwa pia kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Taarifa ikisema "kila kaya italipa", kuna atakayeanza kupita mlango kwa mlango akidai fedha ambazo wanakijiji hawajaziridhia. Andika "kamati inapendekeza".

Penye ugumu zaidi ni maneno kama "fundi aitwe". Nani amwite? Daftari halisemi. Usijaze jina kwa kukisia, hata kama unajua kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na nani. Ukifanya hivyo utakuwa umempa mtu jukumu ambalo kikao hakikumpa. Muulize mwenyekiti kabla hujakabidhi taarifa. Ikiwa kweli hakuna aliyepangiwa, liseme wazi ili kikao kijacho kimtaje mtu.

Mabishano marefu kuhusu nani aliyeharibu pampu yanaweza kuachwa kabisa, kwa kuwa hayakuzaa azimio. Sababu ya kushusha mchango ibaki, kwani wajumbe wa halmashauri wataiuliza. Sehemu ya pampu itasomeka hivi:

"Pampu ya kisima. Kamati inapendekeza mchango wa shilingi 3,000 kwa kila kaya, badala ya 5,000 zilizotajwa awali, kwa kuwa mavuno bado (uk. 2 na 7). Mweka hazina alete makadirio ya bei ya vipuri kabla ya tarehe 14 (uk. 8). Kumwita fundi: mhusika hakupangwa (uk. 8)."

Namba za kurasa zinamwezesha mwenye shaka kufungua daftari na kuhakiki mwenyewe, kwa hiyo daftari lihifadhiwe ofisini hata baada ya taarifa kupokelewa.