Trilioni 6.5 za mwaka gani?

Mkataba wa ujenzi wa bwawa la umeme la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, ulitiwa saini Desemba 2018. Mtambo wa kwanza kati ya tisa ukaanza kuzalisha umeme Februari 2024. Katikati hapo ni miaka mitano na ushei ya zege, mahandaki na malipo kwa wakandarasi, bila hata uniti moja ya kuuza. Gharama iliyozoeleka kutajwa ni takriban shilingi trilioni 6.5, na watu huilinganisha moja kwa moja na mapato yatakayokuja. Hapo ndipo hesabu inapopotoka.

Fedha hizo hazikutoka siku moja. Katika miradi mikubwa mkandarasi hupewa malipo ya awali, kisha hulipwa kwa hati za malipo kadiri mhandisi msimamizi anavyothibitisha kazi iliyofanyika. Shilingi iliyolipwa 2019 na ile ya 2023 haziwezi kujumlishwa kama zilivyo. Kwanza sharti zote zirudishwe kwenye tarehe moja, na tarehe inayofaa ni ile ya uamuzi, siku ambayo bado ungeweza kusema hapana.

Tufanye hesabu ya mfano. Sijui ratiba halisi ya malipo ya bwawa lile, kwa hiyo nagawanya trilioni 6.5 sawasawa: trilioni 1.3 kila mwisho wa mwaka kwa miaka mitano. Tuseme fedha hiyo, ingewekwa kwenye kazi nyingine, ingezaa asilimia 10 kwa mwaka. Malipo ya mwaka wa kwanza tunayagawa kwa 1.1, yanabaki trilioni 1.18. Ya mwaka wa pili yanagawanywa kwa 1.1 mara mbili, yanakuwa 1.07. Tukiendelea hivyo, ya mwaka wa tano yanashuka hadi 0.81. Jumla yake ni trilioni 4.93.

Msomaji atasema basi mradi ni rahisi kuliko tulivyoambiwa. La. Mapato nayo lazima yafunge safari hiyo hiyo ya kurudi nyuma, na safari yao ni ndefu zaidi. Tuseme yanaanza kuingia mwisho wa mwaka wa sita na kuendelea kwa miaka 30. Ili yafikie trilioni 4.93 katika tarehe ya uamuzi, bwawa linapaswa kubakiza takriban shilingi bilioni 842 kila mwaka, baada ya kutoa gharama za uendeshaji. Anayechukua trilioni 6.5 na kuzihesabu kana kwamba zote zimelipwa siku mitambo inapowashwa atapata bilioni 690 tu. Pengo la bilioni 152 kwa mwaka ni gharama ya kungoja, na halimo katika hati yoyote ya mkandarasi.

Wapo wanaosema bwawa hili lilijengwa kwa fedha za serikali, si mkopo wa benki, kwa hiyo halina riba. Siikubali hoja hiyo. Fedha ile ile ingeweza kujenga barabara au kupunguza deni, na faida hiyo iliyoachwa ndiyo asilimia tunayoitumia. Kwa sababu hiyo pia, ukishagawa kwa asilimia 10, usiongeze tena riba ya mkopo kwenye orodha ya gharama. Utakuwa umeitoza mara mbili.

Kuchelewa kuna uzito wake. Mradi ulitarajiwa kukamilika Juni 2022, lakini bwawa lilianza kujazwa maji Desemba mwaka huo. Katika mfano wetu, mapato yakisogea mwaka mmoja wakati malipo yote yameshatoka, bilioni 842 zinapanda hadi takriban 926, kila mwaka kwa miaka yote 30. Malipo nayo yakisogezwa mbele, hasara inapungua. Ucheleweshaji unaouma kuliko wote ni ule wa mwishoni, zege likiwa limekauka na kinachosubiriwa ni maji, au njia ya kusafirishia umeme.

Sasa hamisha tarehe ya uamuzi. Miaka mitatu imepita, trilioni 3.9 zimekwenda, na mtu anauliza kama mradi uendelee. Zilizokwenda hazirudi, ziwe zilitumika vizuri au vibaya, hivyo hazimo kwenye hesabu hii mpya. Zimebaki trilioni 2.6 za kulipwa kwa miaka miwili, na mapato yanayotosha kuhalalisha kuendelea ni takriban bilioni 290 tu kwa mwaka. Mradi uleule, ambao kabla ya kuanza ulidai bilioni 842! Ndiyo maana mradi uliofika nusu huwa vigumu kuusimamisha hata makadirio ya mapato yakiporomoka, na ndiyo maana ripoti inayoletwa mwaka wa tatu kuonyesha kwamba kuendelea kunalipa haithibitishi hata kidogo kwamba kuanza kulilipa.